Picha kumi na nne zisizosema nilifanya nini

Swali lililonitoa usingizini liliulizwa na mtu ambaye hakunipa kazi. Tulikuwa kwenye simu, yeye amefungua tovuti yangu kwenye kompyuta yake, nami nimeifungua kwenye yangu. Alikuwa anashuka polepole, picha moja baada ya nyingine, kisha akasimama kwenye ile niliyokuwa nikijivunia kuliko zote.

"Hii ni nzuri," akasema. "Hapa wewe ulifanya nini hasa?"

Nikaanza kueleza. Nikasema nilishughulikia upande wa mbele. Akauliza kama rangi na mpangilio ni wangu. Hapana, kulikuwa na dizaina. Maandishi? Hapana, hayo yalitoka kwa mteja. Malipo? Hiyo ni huduma ya nje, mimi niliunganisha tu. Kadiri nilivyozidi kujibu ukweli, ndivyo picha ile ilivyozidi kuwa ya watu wengine. Mwisho akanishukuru kwa upole, na sikumsikia tena.

Baada ya simu hiyo nikahesabu: kazi kumi na nne, kila moja ina picha ya skrini, jina la mradi na orodha ya zana zilizotumika. Hakuna hata moja iliyoonyesha tatizo lilikuwa nini kabla sijafika. Mimi ni programa, na sehemu kubwa ya kazi yangu haionekani kwenye picha. Ukurasa ulioharakishwa na ukurasa mzito vikipigwa picha vinafanana kama mapacha.

Nikaamua kuziondoa zote na kuandika visa vitatu tu: mradi mmoja, ukurasa mmoja, simulizi nzima ya tatizo lilivyokuwa, nilichodhani, nilichofanya na nilivyojua kwamba kimefaulu. Wengine huita uchunguzi kifani. Mimi naita kisa cha kazi, maana ndivyo kinavyosomeka kikiandikwa vizuri.

Nilikwama siku ile ile ya kwanza, kwa sababu sikuwa na "kabla". Nilijua tovuti fulani ilikuwa nzito nilipoipokea, lakini sikuwa nimeandika popote ilikuwa nzito kiasi gani. Nilikwenda kwenye Wayback Machine, hifadhi ya nakala za zamani za tovuti, nikitumaini kuipata ya zamani. Niliipata, nusu ya picha hazipo. Na hata zingekuwepo, kupima kasi yake pale kusingekuwa na maana, kwa kuwa nakala hiyo inatoka kwenye seva za hifadhi, si za mteja. Sura ya zamani unaweza kuiokoa, kasi ya zamani huwezi. Kati ya kazi kumi na nne, kumi na tatu zilikufa kwa njia hiyo.

Iliyobaki ilikuwa duka la mtandaoni la vifaa vya michezo, na ilibaki kwa bahati tu. Mwenye duka alikuwa ameniandikia malalamiko marefu kabla hatujaanza, nami nikapima kurasa zake ili nimjibu. Vipimo vile vilikuwa bado kwenye barua pepe. Nitaieleza kazi yenyewe kidogo, kwa sababu kisa chote kinasimama juu yake.

Malalamiko yalikuwa kwamba ukurasa wa bidhaa unachelewa kufunguka kwenye simu. Kipimo nilichotumia ni LCP, yaani muda unaopita hadi kitu kikubwa kuliko vyote katika skrini ya kwanza kionekane. Google huhesabu sekunde 2.5 au pungufu kuwa nzuri, na hesabu hiyo huangaliwa kwenye asilimia 75 ya matembeleo: katika kila matembeleo manne, matatu yawe ndani ya muda huo. Nilipopima kwa Lighthouse, zana ya Google ya kupima kurasa, nilipata sekunde 7.4. Sikupima mara moja. Lighthouse hutoa namba tofauti kila ukiiendesha, hivyo nilipima mara tano nikachukua ile ya katikati, na nikaendelea kufanya hivyo kila hatua.

Kitu kikubwa kwenye skrini kilikuwa picha ya kiatu. Ilikuwa PNG yenye upana wa pikseli 4,200 na uzito wa MB 3.1, ikionyeshwa kwenye simu yenye upana usiofika pikseli 500. Hapo hata mtu asiye programa angeona kasoro. Niliipunguza, nikaigeuza WebP, aina ya faili ya picha iliyo nyepesi zaidi, nikatoa saizi mbili ili simu ichague inayoitosha. LCP ikashuka hadi 4.9.

Kisha nikafanya kosa. Niliwahi kusoma kwamba picha zipewe `loading="lazy"` ili zisipakuliwe hadi msomaji azikaribie, nami nikaziwekea picha zote za ukurasa, pamoja na ile ya kiatu. LCP ikapanda hadi 5.8. Nilidhani ni mtandao wangu. Nikapima tena jioni, nikapima asubuhi yake, namba ikakaa palepale.

Sababu ukishaijua ni nyepesi. Kivinjari kikisoma HTML huanza kuagiza picha mapema, hata kabla hakijajua zitakaa wapi. Ukiiwekea picha `loading="lazy"` unakilazimisha kusubiri hadi kipange ukurasa, kijue kama picha hiyo iko kwenye skrini au iko chini. Kwa picha za chini hiyo ni faida. Kwa picha ya juu kabisa, ambayo lazima ionekane, ni kusubiri kwa bure. Niliiondoa kwenye ile moja nikaipa kipaumbele badala yake:

```html
<img src="kiatu-800.webp"
     srcset="kiatu-480.webp 480w, kiatu-800.webp 800w"
     sizes="100vw" width="800" height="800"
     fetchpriority="high" alt="Kiatu cha kukimbilia">
```

Ikafika 3.4. Kilichobaki kikawa skripti ya dirisha la mazungumzo na wateja, iliyokuwa imewekwa juu kabisa ya ukurasa na kuzuia kila kitu hadi imalize kupakuliwa. Kuiwekea `defer`, inayoiambia ipakuliwe bila kuzuia ukurasa, kulitosha. Sekunde 2.3.

Rasimu yangu ya kwanza ya kisa iliishia hapo, na iliisha kwa shangwe: kutoka 7.4 hadi 2.3. Kosa la `lazy` sikuliandika. Nilieleza kama mtu aliyejua njia tangu mwanzo.

Nilimpa rafiki yangu mwandishi aisome. Yeye huandika maelekezo ya matumizi ya programu, na jicho lake ni kali kwa maneno matupu. Akaniambia, "Kaka, hii ni sawa na mapishi. Mtu yeyote angeweza kuinakili kutoka mahali popote. Nitajuaje kwamba ulikuwepo?"

Niliudhika, halafu nikamsimulia mdomoni ile habari ya namba kupanda kutoka 4.9 hadi 5.8 na siku mbili nilizolaumu mtandao. Akacheka, akasema hiyo ndiyo iandike. Niliiandika, na hadi leo ndiyo aya ambayo wateja huitaja. Kuna aliyewahi kunieleza kwa nini: namba nzuri kila mtu anazo, lakini mtu anayesema kipimo kilipanda, akaeleza alivyogundua sababu, huyo ameonyesha jinsi atakavyohangaika na tatizo la mteja siku litakapogoma. Ndicho mteja anachotaka kununua, ila hajui pa kukitazama.

Jambo la pili nililobadilisha ni ile 2.3 yenyewe. Lighthouse hupima kwenye mazingira ya kuigiza: simu ya kuigiza, mtandao wa kuigiza. Watu halisi wana simu zao. PageSpeed Insights, tovuti ya Google ya kupima kasi, huonyesha pia vipimo vya watumiaji halisi wa Chrome, kama ukurasa una wageni wa kutosha, lakini vipimo hivyo ni vya siku 28 zilizopita kwa mkupuo. Ukirekebisha leo, kesho bado utaona siku 27 za ubovu zimechanganyika na moja ya uzima. Kwa hiyo nilisubiri siku 28 zipite zote ndipo nikaangalia. Kabla ya kazi ilikuwa sekunde 6.1. Baada yake ikawa 2.9.

Si 2.3. Na haikufika 2.5.

Nilikaa na namba hiyo muda mrefu kuliko nilivyokaa na msimbo wenyewe. Ningeweza kuandika ile ya Lighthouse tu, na nani angejua? Mwisho niliziandika zote mbili, nikaeleza tofauti yake, nikaongeza sentensi moja ya kilichobaki: seva ya mteja ilichukua karibu sekunde nzima kabla ya kutoa jibu la kwanza, na kuhamia seva nyingine hakukuwa ndani ya makubaliano yetu.

Mauzo sikuyagusa. Mwenye duka aliniambia yamepanda, na angefurahi niandike hivyo. Lakini mwezi uleule alikuwa amepunguza gharama za usafirishaji, na hakuna njia ya kutenganisha kipi kilileta nini. Niliandika kasi, ambayo ilitokana na mikono yangu, nikaacha mauzo. Ukiona kisa cha kazi kinachodai mauzo yaliongezeka kwa sababu ya nembo mpya, muulize mwandishi ni kitu gani kingine kilibadilika mwezi ule. Ukimya utakaofuata nao ni jibu.

Kuhusu ruhusa, nilijikwaa vibaya. Mkataba wetu haukuwa na kifungu cha usiri, nikadhani basi niko huru. Nilipandisha kisa na picha za skrini, moja ikiwa ya ukurasa wa maagizo upande wa msimamizi, ili kuonyesha tu kwamba nilifanya kazi ndani ya mfumo. Kwenye kona ya picha hiyo kulikuwa na jina la mnunuzi na namba yake ya simu. Ilikaa hewani siku tatu hadi nilipoiona mwenyewe nikipitia kisa kwenye simu. Niliiondoa, nikafuta faili kwenye seva pia, maana kuiondoa kwenye ukurasa peke yake kunaacha picha ikifunguka kwa anayejua anwani yake. Kisha nikampigia mwenye duka nikamweleza. Alikasirika, na alikuwa na haki.

Tangu hapo kila picha ya skrini naipiga upya nikitumia data ya kubuni. Kuziba kwa mstari mweusi sikuamini tena, hasa kwenye PDF, ambako mara nyingi maandishi hubaki chini ya mstari na mtu anaweza kuyanakili. Na ruhusa naiomba kwa maandishi, nikimtumia mteja kisa kizima kabla hakijatoka, si ombi la jumla. Watu hukataa ombi la jumla kwa sababu hawajui utasema nini. Wakisoma ukurasa wenyewe, kwa kawaida hubadilisha maneno mawili matatu na kukubali. Mteja mmoja alikataa jina lake litajwe, nikamwandika kwa aina ya biashara yake, na badala ya idadi ya wageni nikaweka uwiano wa kabla na baada. Kisa hakikupungua nguvu.

Yule rafiki yangu mwandishi alipoona nimepata kazi mbili kwa kisa kimoja, akaamua naye aandike. Tatizo lake lilikuwa kubwa kuliko langu, kwa kuwa maandishi yaliyo mazuri huonekana kana kwamba hayakumtesa mtu. Alichofanya ni kuweka aya ya zamani na aya mpya bega kwa bega, na pembeni kueleza kila badiliko. Aya ya zamani ilianza kwa historia ya kipengele na kumalizia na kitufe cha kubonyeza. Mpya ilianza na kitufe. Kipimo chake kilikuwa cha mkono kabisa: alimwomba mteja ahesabu barua pepe zilizouliza swali hilohilo la kurejesha nywila, wiki nne kabla na wiki nne baada. Zilikuwa 31, zikawa 9. Hakuweka grafu. Aliweka sentensi moja, na chini yake akaandika kwamba mteja hakubadilisha kitu kingine kwenye ukurasa huo katika wiki hizo nane.

Dizaina tuliyekuwa tukishirikiana naye hakuwa na namba kabisa. Alikuwa amepunguza fomu ya usajili kutoka sehemu 11 za kujaza hadi 6, na mteja hakuwa akihesabu chochote. Lakini kabla ya kuchora alikuwa amewaketisha watu watano mmoja mmoja wajaze fomu ya zamani huku akitazama, na wanne kati yao walisimama mahali palepale, kwenye sehemu iliyouliza "aina ya akaunti" bila kueleza tofauti. Hiyo ndiyo aliyoiandika, pamoja na picha za michoro miwili aliyoitupa na sababu ya kuitupa. Nilimshauri asigeuze wanne kati ya watano kuwa asilimia 80. Kwa watu watano, asilimia hudai uzito ambao haupo, na msomaji makini huona mara moja.

Tovuti yenyewe sina mengi ya kusema. Yangu ni HTML tupu, kila kisa na anwani yake, ili nikiomba kazi nimtumie mtu kiungo cha kisa kinachofanana na shida yake badala ya kumpeleka ukurasa wa mwanzo akatafute. Aya ya kwanza ya kila kisa inabeba tatizo, nilichofanya mimi na matokeo, kwa sababu wengi huishia hapo. Na popote penye "tuli" huwa narudi kujiuliza kama ni kweli tulikuwa wengi. Mahali nilipofanya mwenyewe naandika "nili", mahali pa dizaina namtaja dizaina.

Kasoro moja tu ya tovuti iliniumiza, nayo ni fomu ya mawasiliano. Kwa wiki saba haikuleta ujumbe hata mmoja, nikahitimisha kwamba visa havifanyi kazi. Siku moja mtu akanipata kwa njia nyingine, akauliza mbona sijibu. Kumbe fomu ilikuwa ikituma barua pepe kana kwamba imetoka kwenye anwani ya mgeni mwenyewe, na seva za barua, zikiona anwani ya kikoa fulani inatumwa na seva isiyo na idhini ya kikoa hicho, zilikuwa zikiikataa bila kuniambia. Dawa ilikuwa kutuma kutoka anwani ya kikoa changu na kuweka ya mgeni kwenye `Reply-To`, yaani anwani ya kujibia. Siku hizi kila mwanzo wa mwezi najitumia ujumbe kupitia fomu yangu, nikitumia anwani ya huduma tofauti na ninayopokelea. Niliandika pia anwani yangu kwa maandishi ya kawaida chini ya fomu, kwa mwenye haraka.

Mwaka mmoja na nusu baada ya kisa cha duka kutoka, nilipokea barua pepe ya mtu aliyekuwa akifikiria kunipa kazi. Ilikuwa fupi na haikuwa ya kirafiki. Alikuwa amekisoma kisa, akaenda kwenye duka lenyewe, akapima mwenyewe. Alipata sekunde 5.2. Akauliza nina maelezo gani.

Kilichoniokoa ni tarehe. Chini ya kila kipimo nilikuwa nimeandika siku kilipochukuliwa, na picha ya ripoti nilikuwa nimeihifadhi kwenye seva yangu, si kuunganisha tu na tovuti ya mteja ambayo ningeshindwa kuilinda. Nilimjibu kwamba kazi yangu pale iliisha siku ile, na kwamba nitaangalia kilichotokea.

Nikafungua msimbo wa ukurasa. Walikuwa wamebadilisha kiolezo. Picha ya kiatu ilikuwa bado ya saizi niliyoiacha, na skripti ya mazungumzo ilikuwa bado na `defer`. Ila kwenye picha ya kwanza, mtu alikuwa amerudisha `loading="lazy"`, na `fetchpriority` haikuwepo.

Nilimtumia yule mtu mstari huo, nikamwonyesha aya ya kisa inayoeleza kosa lilelile nililolifanya mwenyewe. Akajibu baada ya saa moja akiuliza nina nafasi lini. Kisha nikampigia mwenye duka.